Farasi Aliyekaa d3

Oktoba 1985, katika Ukumbi wa Tchaikovsky mjini Moscow, bingwa wa dunia wa sataranji Anatoly Karpov alikuwa na askari mmoja zaidi ya mpinzani wake, na kete nyingine zote zilikuwa sawa kwa sawa. Kwa kuhesabu tu, yeye ndiye aliyekuwa mbele. Lakini ngome zake mbili hazikuwa na pa kwenda, farasi wake mmoja alikuwa amerudi hadi mstari wa kwanza, wa pili alikuwa amekwama pembezoni mwa ubao, na askofu wake alikuwa akitazama mgongo wa askari wake mwenyewe. Chanzo cha balaa hilo lote kilikuwa kete moja tu: farasi mweusi wa Garry Kasparov, aliyeingia mraba wa d3 katika hatua ya 16 na kukaa hapo hadi hatua ya 34. Watazamaji walimbatiza jina la pweza, kwa sababu farasi aliye katikati ya ubao hufikia miraba minane, na ile minane ya farasi huyu yote ilikuwa mahali pabaya kwa Karpov.

Mchezo huo, wa 16 katika pambano lao la ubingwa, husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya ujasiri. Mimi naona una somo jingine. Kasparov hakumrusha farasi wake d3 mara tu alipopata njia. Alimweka jirani, akangoja hatua tano akitengeneza mazingira, ndipo akamwingiza. Na miezi michache baadaye, Karpov mwenyewe alionyesha kwamba safari ile ilikuwa na tundu ambalo hakuna aliyeliona siku ile. Anayetaka kujua lini farasi apelekwe ndani ya eneo la adui, na lini abaki nyumbani, atapata karibu kila kitu humo.

Kwa wasioifahamu lugha ya ubao: safu za wima huitwa kwa herufi, a hadi h, kutoka kushoto kwa mchezaji wa kete nyeupe, na mistari ya mlalo huhesabiwa 1 hadi 8 kuanzia upande wake. Kwa hiyo d3 ni mraba wa safu ya nne, mstari wa tatu, yaani mbele kidogo tu ya malkia mweupe anapoanza mchezo. Kwa Weusi, hapo ni ndani kabisa ya nyumba ya watu.

Farasi ana tabia moja inayomtofautisha na kete nyingine kubwa: hana masafa. Askofu anaweza kukaa pembeni na kutisha upande wa pili wa ubao, na ngome iliyo nyuma inaweza kutawala safu nzima. Farasi akiwa pembeni hufikia miraba minne tu, akiwa kwenye kona hufikia miwili. Akitaka kuudhi, lazima asogee karibu. Tatizo ni kwamba akisogea karibu, askari wa adui humfukuza. Askari ni kete ya thamani ndogo kuliko zote, na farasi hawezi kubaki mahali askari anapoweza kumla, hata kama analindwa, kwa kuwa kumpoteza farasi kwa askari mmoja ni hasara tupu. Ndiyo maana wachezaji hutafuta mraba ambao hakuna askari wa adui anayeweza kuufikia. Askari hula kimshazari na harudi nyuma kamwe. Basi mraba ambao askari wa safu mbili za jirani wameshaupita, au wameshaondoka ubaoni, ni tundu la kudumu. Farasi akikalia tundu hilo, akiwa na mlinzi nyuma yake, amepata kituo. Aron Nimzowitsch, aliyezaliwa Riga mwaka 1886, aliliweka wazo la kituo cha mbele katikati ya mafundisho yake katika kitabu alichokitoa mwaka 1925, na tangu hapo halijawahi kutoka katika darasa la sataranji.

Wengi huishia hapo. Wanaona tundu, wanamtuma farasi. Lakini kutofukuzwa na askari ni nusu tu ya habari, kwani farasi anaweza pia kubadilishwa. Farasi wa adui au askofu wa adui akimla, nawe ukamla huyo, thamani ni sawa, lakini kituo chako kimekwisha. Mbaya zaidi, mara nyingi unalazimika kula kwa askari wako, na askari huyo anabaki palepale akiziba tundu ulilohangaika kulipata. Kwa hiyo kabla ya kuanza safari, angalia kete za adui zinazoweza kuufikia mraba ule, ujiulize kama zinaweza kuondolewa kwanza.

Hakuna aliyeonyesha jambo hili kwa usafi zaidi ya Vasily Smyslov, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1957, alipocheza na Iosif Rudakovsky mjini Moscow mwaka 1945. Rudakovsky, mwenye kete nyeusi, alimsukuma askari wake hadi e5 katika hatua ya 11. Askari wake wa safu ya c alikuwa ameshabadilishwa, na huyu wa e sasa alikuwa ameupita mraba wa d5. Tundu likazaliwa. Farasi wa Smyslov alikuwa c3, hatua moja tu kutoka d5, na mchezaji wa kawaida angeruka papo hapo. Smyslov hakuruka. Aliona kwamba d5 ililindwa na kete mbili za Weusi: askofu wa miraba myeupe na farasi wa f6. Akamsogeza askari wake hadi f5 kumsumbua askofu yule, askofu akakimbilia c4, wakabadilishana maaskofu. Akabaki farasi wa f6. Katika hatua ya 15 Smyslov alimleta askofu wake mwingine g5, katika hatua ya 16 akamla farasi huyo, na katika hatua ya 17 tu ndipo farasi mweupe akatua d5.

Tazama kilichobaki kwa Weusi. Askofu wao wa mwisho alitembea miraba myeusi, na d5 ni mraba mweupe. Hata mchezo ungeendelea hadi usiku wa manane, askofu yule asingeweza kumgusa farasi. Farasi hawakuwa naye tena, na askari wa kumfukuza hawakuwepo. Smyslov alikuwa ametoa askofu mzuri kwa farasi wa kawaida, biashara ambayo kwenye karatasi haina faida, ili farasi wake mmoja apate makao yasiyogusika. Kisha akahamishia ngome na malkia upande wa mfalme mweusi, na katika hatua ya 24 farasi akaacha d5 kwa hiari yake, akala f6 kwa kishindo. Katika hatua ya 28 mchezo ulikuwa umekwisha. Kituo kilimtumikia hatua saba tu, naye akakiacha mara alipoona kitu bora zaidi. Wako wachezaji ambao wakishampata farasi wa namna hiyo humlinda kama mali ya urithi na kusahau kwamba alipelekwa kule kufanya kazi.

Smyslov alikuwa na bahati ya kuwa hatua moja tu kutoka kwenye mraba alioutaka. Mara nyingi farasi yuko mbali, na hapo swali la muda huingia. Mfano unaojulikana sana ni wa ufunguzi wa Kihispania, ule ambao Weupe humpeleka askofu b5 katika hatua ya tatu. Katika aina zake za kufungamana, farasi wa b1 huanza ziara ndefu: d2, kisha f1 baada ya ngome kumpisha, kisha e3, na kutoka hapo anatazama d5 na f5. Hiyo ni hatua tatu kwa kete moja, muda ambao katika ufunguzi mwingine ungetosha kwa adui kukushambulia hadi ukate tamaa. Inawezekana hapa kwa sababu askari wa katikati wamekabiliana e4 na e5 na hakuna mlango ulio wazi. Adui hana njia ya kuingia haraka, kwa hiyo una ruhusa ya kutembea.

Ila hata katika Kihispania, ziara hiyo ina wakati wake. Mraba wa f5 unavutia macho, lakini Weusi wakiwa na askari g7 wanaweza kusogea g6 na farasi akarudi alikotoka. Mraba wa d5 hulindwa na askari wa c akiwa bado c7 au c6. Ndiyo sababu Vsevolod Rauzer na waliomfuata walipenda kwanza kumla askari wa c5 kwa askari wao wa d4. Weusi wakila kwa askari wao wa d6, sasa askari wa c yuko c5 na wa e yuko e5, wote wameipita d5, na farasi anayezunguka kupitia f1 ana mahali pa kwenda. Bila badilishano lile la askari, ziara ileile ni kupoteza muda. Safari ya farasi huamuliwa na askari waliosimama ubaoni, na anayeangalia farasi bila kuwaangalia askari anabahatisha.

Sasa turudi Moscow. Kabla ya mchezo wa 16 pambano lilikuwa 7½ kwa 7½. Kasparov alikuwa na miaka 22 na kete nyeusi. Walicheza aina ya ulinzi wa Kisisilia ambamo farasi mweupe huruka b5 katika hatua ya tano na Weupe hujenga ukuta wa askari c4 na e4. Katika hatua ya nane Kasparov alimtoa askari kafara kwa kusukuma d5. Weupe walikula, Weusi wakala, Weupe wakala tena, na vumbi lilipotulia katika hatua ya kumi, Karpov alikuwa na askari mmoja zaidi, yule wa d5. Badala ya kujaribu kumrudisha askari huyo, farasi mweusi wa c6 akaruka b4.

Hapo ndipo maamuzi yalipofanyika. Askari mweupe wa c na askari mweupe wa e ndio pekee ambao wangeweza kuilinda d3, na wote wawili hawakuwepo tena: mmoja ameliwa, mwingine amehamia d5. Kwa hiyo d3 ilikuwa tundu la kudumu, na kafara la askari mmoja ndilo lililolichimba. Na b4 je, ambako farasi alisimama kwa muda? Kwa kawaida farasi hapo hufukuzwa na askari wa a anayesogea hatua moja hadi a3. Lakini Karpov alikuwa na farasi wake mwenyewe a3, aliyerudishwa huko katika hatua ya nane, naye alimziba askari wake. Farasi mweusi akapata kibaraza cha kupumzika akisubiri mlango ufunguke.

Hakuingia mara moja. Katika hatua tano zilizofuata Kasparov alimleta askofu c5, akamficha mfalme wake pembeni pamoja na ngome, akamleta askofu wa pili f5, akaiweka ngome e8, kisha akamsukuma askari wa b hadi b5. Ukizisoma haraka, ni hatua za kawaida za kuendeleza mchezo. Ukizisoma ukiwa na d3 akilini, kila moja ina kazi. Askofu wa f5 anaitazama d3 moja kwa moja: huyo ndiye mlinzi wa kituo. Ngome ya e8 imeishika safu ya e, pamoja na miraba ya e1 na e2 ambayo Weupe wangeitumia kujipanga dhidi ya mgeni. Na askari wa b5 amemnyima farasi wa a3 mraba wa c4, mahali pekee ambapo angeanzia kurudi kati. Baada ya yote hayo, katika hatua ya 16, farasi akaingia d3.

Kwa nini hakuweza kutolewa? Malkia wa Karpov alikuwa d2, na ngome yake d1 nyuma yake, wote wakimtazama farasi. Lakini malkia akila, askofu wa f5 anamla malkia, na ngome ikilipiza, Weupe wametoa kete ya thamani ya 9 wakapata mbili zenye jumla ya 6. Haifai. Kwa hiyo alihitajika mtu mdogo zaidi wa kumla: askofu au farasi. Askofu mweupe wa f3 alipaswa kufika e2 au f1, lakini e2 iko mbele ya mdomo wa ngome ya e8, na f1 ilikuwa imekaliwa na ngome yake mwenyewe. Askari wa ziada, yule wa d5 aliyemfanya Karpov ahesabiwe mbele, alimziba askofu huyohuyo kwenye mshazari wake mrefu na kuifunga safu ya d kwa ngome zake. Angekuwa na afadhali bila askari yule.

Walibaki farasi. Na hapa kuna jambo la jiometri ambalo wachezaji wengi hawalitamki, ingawa ndilo linalomfanya pweza kuwa pweza. Farasi wa adui akitaka kumshambulia farasi wa d3, lazima afike kwenye mmoja wa miraba minane: b2, b4, c1, c5, e1, e5, f2 au f4. Hiyo ni miraba ileile minane ambayo farasi wa d3 anaitawala. Anayetaka kumgusa lazima kwanza akanyage mahali ambapo yeye anaweza kumla. Basi farasi aliyeko kituoni hujilinda mwenyewe dhidi ya farasi wenzake, mradi njia nyingine zimefungwa.

Fuata farasi wawili wa Karpov uone. Yule wa a3 alirudi b1 katika hatua ya 17. Hatua iliyofuata ya askari mweusi kutoka b5 hadi b4 ikamfungia a3 na c3, na d2 ilikuwa na malkia wake. Alibaki b1 bila kusogea hadi hatua ya 39, karibu mwisho wa mchezo. Mwenzake wa c3, akifukuzwa na askari huyohuyo, alikimbilia a4. Kutoka a4 njia zake zilikuwa nne. Mraba wa b6 ulilindwa na malkia mweusi, c3 na askari wa b4, na b2 pamoja na c5 na pweza mwenyewe. Ngome mbili nyeupe nazo zilikuwa d1 na f1, zikiwa na c1 na e1 kama miraba ya kupumulia, na yote miwili ilikuwa chini ya farasi wa d3. Hivyo kete moja ya Weusi ilikuwa imezishika kete nne za Weupe, na hii ndiyo hesabu inayopaswa kufanywa kabla ya kumtoa askari kafara. Kama farasi wako kituoni anazuia kete moja tu, askari mmoja ni bei kubwa. Akizuia nne, ni bei ya kutupa.

Karpov hakulala. Alisukuma b3 katika hatua ya 21 ili farasi wa a4 apite b2 na kulazimisha badilishano. Kasparov alijibu kwa hatua mbili zinazofaa kutazamwa polepole. Kwanza alisukuma askari wake hadi g5, akaunyang'anya mfumo mzima wa Weupe mraba wa f4. Kisha, baada ya maaskofu wa miraba myeusi kubadilishana na Karpov kusukuma g3, farasi wake mwingine, yule wa f6, alirudi nyuma hadi d7. Farasi anarudi nyuma wakati anashinda? Ndiyo, kwa sababu kutoka d7 anaitazama e5. Kama Karpov angeendelea na mpango wake wa b2, malkia mweusi angekwenda f6. Farasi mweupe angemla pweza, askofu mweusi angemla farasi huyo, malkia mweupe angemla askofu, na hapo farasi wa d7 angeruka e5, akitisha malkia wa d3 na askofu wa f3 kwa mpigo mmoja. Malkia hana pa kukimbilia ambapo farasi hawezi kula f3 huku akimtishia mfalme, na Weupe wanampoteza malkia. Karpov aliliona hilo, akarudisha askofu g2 badala yake. Kulinda kituo si lazima kuwe kwa kete inayokitazama. Kunaweza kuwa kwa adhabu inayomngoja yule atakayekivunja.

Yaliyobaki yalikuwa kukazwa kwa kamba. Karpov alijaribu kumtoa askari wa d kwa kusukuma d6 katika hatua ya 28, kisha akafungua upande wa mfalme wake kwa f3. Malkia mweusi alimla askari wa d6, akaingia d4 akimtishia mfalme, na farasi wa d7 akarudi f6 kisha e4. Katika hatua ya 34 malkia mweupe hatimaye alimla pweza. Farasi wa e4 akaruka f2 akimtishia mfalme na malkia kwa pamoja, ngome ikamla, na askofu wa g6, aliyekuwa akiitazama d3 kwa miguu yake yote tangu zamani, akamla malkia. Karpov alijiuzulu baada ya hatua ya 40. Kasparov akawa mbele 8½ kwa 7½, na tarehe 9 Novemba alitwaa ubingwa kwa 13 dhidi ya 11.

Kwa kawaida hadithi hukomea hapo, na msomaji hubaki na picha kwamba farasi kwenda b4 kisha d3 ni njia ya ushindi. Wachezaji wengi waliijaribu baada ya Moscow. Mmoja wao alikuwa Mholanzi John van der Wiel, aliyeketi mbele ya Karpov mwenyewe mjini Brussels mwaka 1986. Hatua 11 za kwanza zilikuwa zilezile za Moscow: kafara la askari, farasi b4, askofu mweupe e2, askofu mweusi c5. Katika hatua ya 12, ambapo Moscow Karpov alimficha mfalme wake, safari hii alimleta askofu wake wa miraba myeusi e3, uso kwa uso na askofu wa c5.

Hatua hiyo inaonekana ya kawaida sana, na ndiyo inayoua mpango mzima. Farasi wa b4 alikuwa na mlinzi mmoja tu, askofu wa c5. Mfalme mweusi alikuwa bado e8, hajafichwa. Van der Wiel alikula e3, na kwa kufanya hivyo mlinzi aliondoka mahali pake. Malkia mweupe akaenda a4, akimtishia mfalme kwenye mshazari mmoja na farasi wa b4 kwenye mstari wa nne. Weusi walipaswa kumkinga mfalme, na farasi akaliwa. Askofu mweusi wa e3 alitishwa na askari wa f2, akarudi alikotoka. Kete zilikuwa sawa tena, isipokuwa kwamba Weupe bado walikuwa na askari wao wa ziada, na yule farasi aliyepaswa kuwa pweza alikuwa kwenye sanduku la kete zilizoliwa. Karpov alishinda, na kafara lile likapoteza heshima yake katika mashindano makubwa.

Mraba wa d3 katika Brussels ulikuwa tundu vilevile kama wa Moscow. Askari wa c na wa e walikuwa hawapo vilevile, na farasi mweupe wa a3 alimziba askari wake vilevile. Kilichokosekana ni hatua moja ya usalama njiani. Farasi husafiri kwa vituo vidogo kabla ya kufika kituo kikubwa, na kila kimojawapo lazima kikaguliwe peke yake: nani anamlinda akiwa hapo, mlinzi huyo anaweza kuvutwa, na je, mfalme wako amesimama mahali ambapo malkia wa adui anaweza kumpata yeye na farasi kwa hatua moja? Ukimwona farasi wako njiani akiwa na mlinzi mmoja, na mfalme wako akiwa bado katikati ya safu ya nyuma, mfiche mfalme kwanza au ongeza mlinzi. Na nafasi ikidai kwamba farasi apite pale kabla hujawa tayari, kama ilivyodai katika ufunguzi huu, basi d3 hata ikiwa nzuri namna gani haifikiki, na askari uliyemtoa kafara umempa adui bure.